Nakshatra ya Mwezi: Kutoka Siku ya Harusi hadi Tabia ya Mchumba

Mwezi hulizunguka anga la nyota kwa siku 27 na karibu saa 8. Mwendo huo hauhitaji chombo kuuona. Usiku mmoja mwezi uko karibu na nyota fulani. Kesho yake, wakati uleule, umeshasogea upande wa mashariki kwa zaidi kidogo ya upana wa ngumi ya mtu aliyenyoosha mkono. Wahindi wa kale waliufuata mwendo huo na kuzipa jina nyota ambazo mwezi hupita au kulala karibu nazo kila usiku. Kila kituo wakakiita nakshatra. Orodha moja ina vituo 27, nyingine ina 28, kwa sababu siku 27 na saa 8 haziangukii sawasawa kwenye hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Baadaye 27 ndiyo iliyoshinda, kwani duara la digrii 360 ukiligawa kwa 27 unapata sehemu sawa za digrii 13 na dakika 20 kila moja.

Waswahili tunakijua kimoja cha vituo hivyo tangu utotoni. Kundi la nyota tuliitalo Kilimia, ambalo Waarabu huliita Thuraya, ndilo Krittika la Wahindi, na katika orodha za Veda ndilo lililotajwa la kwanza. Kinachofuata Krittika ni Rohini, ile nyota nyekundu ambayo Waarabu waliipa jina la Dabarani, yaani inayofuata nyuma ya Thuraya. Kwenye Rohini ndiko hadithi ya ndoa inakoanzia.

Mwezi, asema msimulizi wa Mahabharata, ni mume mwenye wake 27, wote mabinti wa Daksha. Alitakiwa kuwagawia zamu sawa, usiku mmoja kwa kila mke, lakini moyo wake ulitua kwa Rohini na zamu za wengine akazisahau. Wake wakamshtakia baba yao. Daksha alimwonya mkwewe, naye mkwe akaahidi kujirekebisha, kisha akarudi kulekule kwa Rohini. Mwishowe Daksha akamlaani kwa ugonjwa wa kukonda, na mwezi ukaanza kupungua usiku baada ya usiku hadi dunia nzima ikaingia mashaka, maana mimea nayo ilikonda pamoja naye. Nafuu aliipata alipooga Prabhasa, kwenye pwani ya Saurashtra huko Gujarati, mahali penye hekalu la Somnath hadi leo. Laana haikuondolewa yote. Nusu ya mwezi atakonda, nusu atanenepa. Hadithi hii ni ya zamani kuliko Mahabharata, kwani Taittiriya Samhita inayo tayari, ila humo mabinti ni 33 na baba yao ni Prajapati.

Nimeanza na hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi nakshatra zilivyofikiriwa mwanzoni. Zilikuwa nyumba za wake wa mwezi, na jambo lililojaliwa lilikuwa mwezi uko nyumba ipi leo. Alizaliwa nani usiku gani, na ana tabia gani, hayo hayakuwa swali kuu. Nakshatra zilikuwa kalenda kwanza. Zilimwambia kuhani siku ya kuwasha moto wa ibada, siku ya kulima, na siku ya harusi.

Kwa upande wa harusi ushahidi ni wa kale mno. Utenzi wa ndoa ulioko katika kitabu cha 10 cha Rigveda, unaosimulia arusi ya Surya, binti wa jua, anayeolewa na Soma, yaani mwezi mwenyewe, unataja makundi mawili ya nyota: chini ya moja ng'ombe wa karamu wanachinjwa, chini ya lililofuata bibi arusi anasindikizwa. Wafasiri huyatambua makundi hayo kuwa Magha na Phalguni. Vitabu vya kanuni za nyumbani vilivyokuja baadaye, viitwavyo Grihyasutra, vinaendelea na njia hiyohiyo: harusi ifanywe jua likiwa katika mwendo wake wa kaskazini, mwezi ukiwa unakua, na uwe katika nakshatra yenye heri.

Lakini mchumba mwenyewe alichaguliwa vipi? Ashvalayana, mtunzi wa mojawapo ya vitabu hivyo, analijibu swali hilo waziwazi, na katika jibu lake hamna nyota. Kijana atafute msichana mwenye akili, sura, mwenendo mwema na afya. Kisha anakiri kwamba dalili za mtu ni ngumu kuzisoma, kwa hiyo anatoa mtihani. Yachukuliwe madonge manane ya udongo kutoka mahali panane, na msichana achague moja. Akishika la shamba linalozaa mara mbili kwa mwaka, watoto wake watakuwa na chakula tele. Akishika la zizi la ng'ombe, watakuwa na mifugo; la madhabahu, watang'aa kwa elimu ya dini; la ziwa lisilokauka, watajaaliwa kila kitu. Akishika la mahali pa kuchezea kamari, watakuwa wacheza kamari. La njia panda, watatangatanga. La ardhi kame, watakuwa mafukara. Na akishika la makaburini, ataleta kifo kwa mumewe.

Mtihani wa madonge unatisha, hasa hilo la mwisho, kwa sababu unamtwika msichana mzigo wa kifo cha mtu mwingine. Mzigo huo tutaukuta tena mbele, ukiwa umehamia angani. Kwa sasa inatosha kuona kwamba katika zama za Ashvalayana siku ya arusi ilitoka kwa mwezi na mchumba akatoka kwa njia nyingine.

Mahali pa kwanza ambapo naona mambo hayo mawili, posa na nyota za kuzaliwa, yakikaa ndani ya kisa kimoja ni katika hadithi ya Wabudha iitwayo Shardulakarnavadana, ambayo ilikuwa imetafsiriwa Kichina katika karne za mwanzo za Miladia. Ananda, mwanafunzi wa Buddha, anaomba maji kisimani kwa msichana wa tabaka la chini kabisa, watu waliohesabiwa najisi. Msichana anampenda. Buddha, akieleza mapenzi hayo yametoka wapi, anasimulia maisha yao ya zamani. Alikuwepo mfalme wa watu wa tabaka hilo, jina lake Trishanku, mwenye kijana msomi aitwaye Shardulakarna. Trishanku akaenda kuposa binti wa Brahmani mkubwa, Pushkarasarin. Brahmani akawaka kwa hasira: mtu kama wewe unathubutu vipi? Trishanku hakurudi nyuma. Alianza kwa kubishana kwamba wanadamu wote ni jinsi moja, hawatofautiani kama ng'ombe na farasi wanavyotofautiana. Kisha, ili kuthibitisha kwamba elimu haina tabaka, akaanza kueleza nakshatra zote 28: kila moja ina nyota ngapi, imekaa kwa umbo gani, ni ya mungu yupi, na mtu aliyezaliwa mwezi ukiwa ndani yake ataishi vipi. Maelezo yanaendelea kurasa kwa kurasa, hadi Brahmani anakubali kwamba aliye mbele yake ni bingwa na anamtoa binti yake.

Katika kisa hiki nakshatra hazikutumiwa kupima kama vijana wanafaana. Zilitumiwa kubomoa ukuta wa tabaka uliowatenga. Msomaji alishike hilo, kwa sababu mfumo wa kulinganisha wachumba uliokuja karne nyingi baadaye ulilirudisha tabaka ndani ya hesabu ya nyota.

Karibu na zama hizohizo Wagiriki walileta India unajimu wao wa buruji 12 na hati ya nyota ya saa ya kuzaliwa. Wahindi waliupokea, lakini hawakuzitupa nakshatra zao. Walizilaza juu ya buruji, kila burji ikapata nakshatra mbili na robo, na kila nakshatra ikagawanywa robo nne zenye digrii 3 na dakika 20. Orodha ikaanza sasa na Ashvini, mahali burji ya Kondoo inapoanzia, badala ya Krittika. Pakatokea mfumo usio wa Kigiriki wala wa Veda mtupu, na bingwa wake alikuwa Varahamihira wa nchi ya Ujjain, katika karne ya 6.

Varahamihira ndiye atusaidiaye kujibu kwa nini mwezi na si jua. Katika kitabu chake Brihat Jataka anasema jua ni roho ya mtu na mwezi ni akili yake, ile sehemu inayopokea, inayopenda, inayochukia na kubadilika. Mtu anayetaka kujua mwenzake ataishi naye vipi chini ya paa moja anauliza juu ya sehemu hiyo. Jua hukaa katika burji moja mwezi mzima, kwa hiyo waliozaliwa ndani ya siku hizo wote hulishiriki. Mwezi hukaa katika nakshatra moja kwa takriban siku moja tu. Kwa mnajimu wa Kihindi, huo ulikuwa ukaribu zaidi na mtu.

Sura yake ya tabia za nakshatra ni fupi sana, maneno machache kwa kila kituo, lakini ukiisoma ukiwajua miungu wenye vituo hivyo, unaona maana zilikotoka. Ashvini ni ya mapacha wa mbinguni, matabibu wazuri wa sura. Aliyezaliwa humo hupenda mapambo, ana mvuto, ana ustadi. Krittika ni ya Agni, mungu wa moto. Mtu wake ni mlaji sana, ana tamaa, ana mwanga na jina kubwa. Moto hula, moto hung'aa. Rohini ni ya Prajapati, bwana wa uzazi, na ndiye kipenzi cha mwezi. Mtu wake ni mkweli, msafi, mwenye kauli tamu, moyo uliotulia na sura njema. Mrigashira, kichwa cha swala, hufuata Rohini. Mtu wake ni mwerevu na msemaji, mwenye bidii, lakini mwoga na asiyetulia mahali pamoja, kama yule mnyama. Ardra ni ya Rudra, mungu wa tufani, na Varahamihira hamwonei huruma: mwenye kiburi, asiye na shukrani, mkali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokana na kuchunguza watu waliozaliwa. Kila tabia imechotwa kwenye tabia ya mungu au umbo la kundi la nyota. Nadhani ndiyo sababu zinakaa akilini kirahisi, na ndiyo sababu mtu huziona kwa jirani yake mara tu akishaambiwa.

Zingatia anavyosema juu ya Mula. Mungu wa kituo hicho ni Nirriti, mungu wa uharibifu, na jina Mula lina maana ya mzizi. Hofu juu yake ni ya kale: Atharvaveda ina dua ya kumkinga mtoto aliyezaliwa chini ya nyota mbaya za upande huo wa anga. Pamoja na hayo, Varahamihira anamweleza mtu wa Mula kuwa mwenye fahari, tajiri, mwenye raha, asiyedhuru wengine, imara.

Karne nne na zaidi baadaye msomi Mwislamu, Abu Raihani al-Biruni, alikaa India na akaandika kitabu chake kikubwa juu ya nchi hiyo kufikia mwaka 1030. Yeye alizijua manazili 28 za mwezi za Waarabu, zile ambazo wanafalaki wa pwani yetu nao walizirithi, na akataka kuzilinganisha na nakshatra. Alilolikuta lilimshangaza: hakumpata mtu aliyeweza kumwonyesha kwa kidole nyota za kila kituo zilipo angani. Hesabu walikuwa nayo, majina walikuwa nayo, lakini macho yalikuwa yameacha kutazama juu. Nakshatra zilikuwa zimehamia vitabuni, zikawa vipande sawa vya duara vinavyosomwa kwenye panchanga, yaani kalenda ya mnajimu.

Kituo kilichogeuka kuwa namba kinaweza kujumlishwa, na hapo ndipo mfumo wa alama ulipopata nafasi. Kitabu kilichoufanya uenee kaskazini mwa India ni Muhurta Chintamani, kilichotungwa Kashi mwaka 1600 na Rama, mnajimu wa ukoo uliokuwa na jina kubwa katika zama za mfalme Akbar. Ni kitabu cha kuchagua nyakati, na katika sura ya ndoa mnajimu anapewa vipimo vinane, viitwavyo kuta. Kila kimoja kina uzito unaopanda kwa moja: tabaka la burji alama 1, utii 2, hesabu ya nyota kwa nyota 3, mnyama 4, urafiki wa sayari 5, kundi la tabia 6, umbali wa buruji 7, na nadi 8. Jumla ni 36. Kawaida iliyozoeleka ni kwamba chini ya 18 posa haishauriwi.

Vipimo vinne kati ya hivyo vinategemea nakshatra yenyewe, na vitatu kati ya hivyo vinne ndivyo familia huvitaja zaidi. Cha mnyama huipa kila nakshatra mnyama wake, na wanyama wengine ni maadui wa asili: nyoka na nguchiro, paka na panya, ng'ombe na chui milia. Kipimo hiki hufasiriwa kuwa ni cha kitandani. Cha kundi la tabia huzigawa nakshatra tisa tisa: za miungu, za wanadamu na za marakshasa, yaani majitu wakali. Mtu wa kundi la tatu si lazima awe mwovu. Hufasiriwa kuwa ni mwenye nguvu, asiyekubali kuamriwa. Kipimo cha nadi nacho kinazigawa tisa tisa, lakini kwa kufuata vile vitu vitatu ambavyo tiba ya Kihindi huviona mwilini: upepo, nyongo na makohozi. Wawili wa nadi moja hupata sifuri katika alama nane, na tishio linalotajwa ni kukosa watoto au watoto dhaifu. Kwa hiyo familia nyingi huuliza nadi kabla ya kuuliza jumla.

Kusini, kwa Watamili na watu wa Kerala, hesabu ni nyingine. Wao huangalia masharti kumi, na kubwa linalohofiwa ni rajju, kamba, linalozigawa nakshatra kwa viungo vya mwili kutoka mguuni hadi kichwani. Wawili wakiangukia kiungo kimoja, posa husimama hata kama mengine yote ni mazuri. Hivyo wachumba wawili wanaweza kupita kwa mnajimu wa Kashi na kuanguka kwa mnajimu wa Chenai siku hiyohiyo, kwa mwezi uleule.

Tuifanye hesabu ya kaskazini kwa mfano. Msichana amezaliwa mwezi ukiwa digrii 15 za burji ya Ng'ombe: hiyo ni Rohini. Kijana amezaliwa mwezi ukiwa digrii 29 na nusu za burji hiyohiyo: hiyo ni Mrigashira, robo ya pili. Burji yao ni moja, basi tabaka linatoa 1, utii 2, urafiki wa sayari 5, kwani wote ni wa Zuhura, na umbali wa buruji 7. Kuhesabu kutoka nyota ya msichana hadi ya kijana, ni ya pili. Kurudi ni ya 27. Ukigawanya kwa tisa hukutani na mabaki ya 3, 5 au 7, ambayo ndiyo mabaya, hivyo 3 kamili. Mnyama wa nyota zote mbili ni nyoka, mmoja dume na mwingine jike: 4. Kijana ni wa kundi la miungu na msichana wa wanadamu. Majedwali mengi hutoa 6 hapo, mengine 5. Nadi ya Rohini ni ya mwisho, ya Mrigashira ni ya kati: 8. Jumla ni 36, na nyumba inapigwa vigelegele.

Sasa mchukue kijana huyo azaliwe saa moja na nusu baadaye. Mwezi husogea zaidi kidogo ya nusu digrii kwa saa, basi utakuwa umevuka na kuingia burji ya Mapacha. Bado ni Mrigashira, ila robo ya tatu. Nyoka ni yuleyule, kundi ni lilelile, nadi ni ileile. Lakini burji yake sasa ni ya pili kutoka ya msichana, na ya msichana ni ya 12 kutoka yake, umbali unaotafsiriwa kuwa wa hasara: alama 7 zinakuwa sifuri. Burji ya Mapacha huhesabiwa tabaka la chini kuliko ya Ng'ombe, na mume hatakiwi kuwa chini ya mke: alama 1 inakuwa sifuri. Utii unashuka hadi 1. Utaridi na Zuhura ni marafiki, hivyo 5 zinabaki. Jumla ni 27. Posa bado inapita, lakini sasa kuna wazee watakaosema kwamba ndoa hii itakuwa na umaskini, na yote hayo yametoka kwenye saa moja na nusu ambayo huenda mkunga hakuiandika.

Saa siyo chanzo pekee cha tofauti. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kiasi cha digrii moja kwa miaka 72, na kwa hiyo mwanzo wa nakshatra hauendi sambamba na mwanzo wa buruji za Ulaya. Pengo kati yao sasa ni karibu digrii 24, na wanajimu hawajakubaliana ni kiasi gani hasa. Serikali ya India iliunda Kamati ya Marekebisho ya Kalenda mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na N. C. Lahiri akiwa katibu. Taarifa yao ya mwaka 1955 iliweka kipimo kinachoilaza nyota ya Chitra katikati ya duara, digrii 180 kutoka mwanzo, na panchanga nyingi zimekifuata tangu hapo. Lakini B. V. Raman wa Bangalore, mwandishi mwenye wafuasi wengi, alitumia pengo dogo kwa karibu digrii moja na nusu. Kwa kipimo cha kamati, mwezi wa kijana wetu uko digrii 29 na nusu za Ng'ombe. Kwa kipimo cha Raman, dakika ileile ya kuzaliwa, uko Mapacha tayari. Alama 36 kwa mmoja, 27 kwa mwingine.

Familia za Kihindu zilizohamia kwetu kutoka Kachi na Gujarati zilikuja na desturi hiyo pamoja na majina. Kila robo ya nakshatra ina silabi yake, na mtoto huitwa kwa silabi hiyo. Ndiyo maana mnajimu asiye na saa ya kuzaliwa huweza kuanzia kwenye jina. Lakini mtoto aliyezaliwa Mombasa au Unguja ana mtego wake wa hesabu. Saa yetu iko nyuma ya saa ya India kwa saa mbili na nusu. Saa ya Mombasa ikipelekwa India na kusomwa kama ya huko, mwezi utarudishwa nyuma karibu digrii moja na theluthi, na uliokwisha kuingia Mapacha utasomwa bado uko Ng'ombe. Na mzee akisema mtoto alizaliwa saa nne usiku, akaandikiwa saa 4 ya hesabu ya Kizungu, ni kosa la saa sita, sawa na robo nzima ya nakshatra. Mtu anayetaka kujua kama hati ya nyota inaaminika aanze kwa kuuliza mambo matatu: saa ilitoka wapi, iligeuzwaje, na mwezi uko umbali gani kutoka mpaka wa robo. Ukiwa ndani ya digrii moja ya mpaka, jibu lolote la alama ni la kukisia.

Kuhusu kama mfumo wenyewe unabashiri chochote, jaribio zuri la wazi ninalolijua lilifanywa Maharashtra na mwanafalaki Jayant Narlikar na wenzake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Halikuwa la ndoa. Walikusanya hati za nyota za watoto 200, nusu wakiwa wanafunzi hodari na nusu wenye ulemavu wa akili, wakawapa wanajimu 27 hati 40 kila mmoja ili waseme mtoto yupi ni wa kundi lipi. Kwa wastani walipatia asilimia 46, ambayo haizidi kurusha sarafu. Kama hati nzima ya nyota haikuweza kutenganisha makundi mawili yaliyo mbali hivyo, sioni namna mwezi peke yake utakavyopima upole wa mume au uvumilivu wa mke.

Ningeweza kuishia hapo kama jambo hili lingekuwa la alama tu. Lakini katika sura ileile ya ndoa ya Muhurta Chintamani kuna kanuni nyingine inayosimama nje ya hesabu ya 36. Msichana aliyezaliwa Mula huhofiwa kwamba ataleta kifo cha baba mkwe. Wa Ashlesha, cha mama mkwe. Wa Jyeshtha, cha kaka mkubwa wa mume. Wa Vishakha, cha mdogo wake. Ni lile donge la makaburini la Ashvalayana, limepanda juu mbinguni. Kuna matangazo ya posa magazetini India na familia zinazoficha nyota ya binti, na kuna mabinti waliokaa nyumbani miaka mingi wakisubiri mwanamume asiye na baba, kwa sababu hofu hiyo haina pa kushika baba mkwe akiwa ameshafariki. Wanajimu wenye dhamana ya kazi yao hulegeza kanuni hiyo: huangalia robo ya nakshatra, maana si robo zote huhofiwa sawa, na huagiza ibada ya kutuliza. Hilo huwasaidia wachache. Kinachoniuma ni kwamba elimu hiyohiyo ina neno jingine na halisomwi mezani pa posa. Mnajimu mkubwa kuliko wote wa India, miaka elfu moja kabla ya kitabu cha Kashi, alimwona mtu wa Mula akiwa imara, mwenye raha, asiyemdhuru mtu. Familia inayoziamini nakshatra na ina binti wa Mula inaweza kuifungua Brihat Jataka na kuiweka mbele ya mshenga.